Mstari wa Mwanga kwenye Tanki

Feni ndizo zilizonifikia kwanza. Nilikuwa bado kwenye ngazi, baiskeli begani, mlango wa juu umefungwa, nikazisikia mbili. Moja ilikuwa inanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa mihogo. Nyingine ilikuwa inavuma taratibu, pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Nilijua mara moja kwamba bosi amefika mapema, amewasha kompyuta zetu zote mbili na kufungua kazi zetu kuzilinganisha. Nilijua pia ile inayonguruma ni ya nani.

Niliusukuma mlango. Ni mlango wa chuma, bawaba zake zimelegea, ukiusukuma unakwaruza sakafu na kupiga fremu kwa kishindo. Sisi wanaume wawili tulizoea kuubamiza. Mwenzetu pekee, dada kutoka Koboko, aliunyanyua kidogo kwa kitasa kila alipopita, ukafunga kimya. Hata hilo nilikuwa nimeanza kulionea wivu.

"Mwandishi, karibu," bosi alisema bila kugeuka. Aliniita hivyo kwa sababu alijua nyumbani Manibe, nje kidogo ya Arua, nina daftari sita za riwaya isiyokwisha. "Njoo uone pundamilia wako."

Kwenye kioo cha kompyuta yangu kulikuwa na mashine ya kusaga niliyoichonga humo kwa wiki tatu: injini ya dizeli, mkanda, bomba la moshi, na juu yake tanki la mafuta, mviringo uliolala, lenye shingo fupi ya kumiminia. Bosi alikuwa ameivua rangi yote na kuivika mistari myeusi na myeupe. Tunafanya hivyo kukagua uso. Mistari ile si rangi ya kupakwa. Ni mwanga unaojionyesha jinsi unavyopita. Uso ukiwa sawa, mistari inapita imenyooka au inapinda kwa utulivu. Uso ukiwa na kosa dogo, hata lisiloonekana kwa macho, mistari inayumba.

Yangu ilikuwa inayumba. Ilikuja vizuri mpaka karibu na shingo, pale ikabanana, ikafinyana kwenye nukta moja, ikatoka upande wa pili kama nyoka aliyekanyagwa.

"Hii tanki ilipinduka wapi?" bosi aliuliza. "Njia ya Koboko?"

"Usiseme njia yetu vibaya," dada alisema kutoka mezani kwake. Alikuwa anakunywa chai, vidole vyake vina hina ya harusi ya binamu yake. "Njia yetu iko sawa. Dereva ndiyo shida."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikageuka kutazama kioo chake, na kicheko kikanikauka mdomoni. Mistari yake ilitambaa juu ya tanki, ikafika kwenye shingo, ikapanda juu yake na kushuka, kama maji yanavyozunguka jiwe. Kwenye kila pembe, pale bati linapokutana na bati, palikuwa na uzi mwembamba wa mwanga, wa upana uleule toka mwanzo hadi mwisho.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuutafuta uzi huo.

Nieleze kidogo, maana bila hili wivu wangu hautaeleweka. Duniani hakuna pembe iliyo kali kabisa. Shika kisu, shika mlango, shika jembe: kwenye kila ukingo, chuma kimeviringika kidogo, na hapo ndipo mwanga unapokamatwa. Kompyuta haijui hilo. Ukiichorea sanduku, inakupa pembe kali kama wazo, na jicho linakataa mara moja, linasema hiki ni kitu cha uongo. Kwa hiyo tunazikata pembe kwa beveli, yaani tunaweka utepe mwembamba pale nyuso mbili zinapokutana. Kisha tunaiambia programu ilainishe: inagawa kila uso kuwa nyuso nne, na tena nne, na kuziyeyusha ziwe laini. Ila ulainishaji hauna huruma. Ukiuachia, sanduku linakuwa kipande cha sabuni. Ndiyo maana tunaweka mistari ya kushikilia karibu na kila pembe, kuuambia: hapa usipite.

Kazi yote ni kujua pa kuiweka mistari hiyo. Kwenye uso ulionyooka unaweza kuiweka mingi utakavyo, hainung'uniki. Kwenye uso uliopinda, kila mstari wa ziada ni mkono unaobonyeza puto.

Siku yake ya kwanza, mwaka uliotangulia, nilimkalisha kwenye kiti changu nikamwonyesha haya yote kwa sanduku la kiberiti. Alinisikiliza kwa heshima, akaniita mwalimu. Baada ya miezi mitatu aliacha kuniita hivyo. Sikumbuki ni siku gani hasa, na sidhani alifanya kusudi. Mimi nilihesabu.

Sasa kulikuwa na jambo kubwa kuliko majina. Kampuni moja ya katuni ilikuwa inatengeneza filamu ndefu kuhusu kijiji na mashine yake ya kusaga. Walimtaka mtu mmoja wa kuongoza uchongaji wa mashine zote za filamu: hicho kinu cha kusagia, pikipiki, lori, pampu ya maji. Mtu mmoja, na jina lake likae peke yake kwenye mstari wake mwishoni mwa filamu. Bosi aliwaambia ana wawili. Wakasema sawa, kila mmoja achonge kinu kilekile, tutachagua.

Niliutaka mstari ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Riwaya yangu ilikuwa haina mchapishaji. Nilifikiri, basi jina langu lisomwe hapo kwanza. Na kinu kilikuwa changu kwa haki, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilikulia Manibe, mita chache kutoka kwenye kinu. Mlio wake ndio ulioniamsha utotoni, unga wake ulikaa kwenye nyusi za mama yangu. Dada alikulia mjini Koboko, katika familia ya Wanubi waliosagiwa unga na wengine. Kwa nini mkono wake uijue mashine yangu?

Jibu nililipata Koboko, na sikulipenda.

Wiki ileile bosi alitutuma kupiga picha za tanki halisi. Babake dada ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na alikuwa ameletewa tanki la kinu lililobonyea. Tulifika kabla ya adhuhuri. Gereji yao iko nyuma ya soko, mabati matatu juu ya nguzo, na chini yake malori ya kwenda Sudani Kusini na ya kutoka Kongo yakisubiri milango yake na mabawa yake. Mzee alikuwa ameinama juu ya mlango wa gari, nyundo ndogo mkononi, akigonga kwa upole usiofanana na mikono yake.

"Salaam aleikum, baba," nilisema.

"Aleikum salaam, mwanangu. Karibu. Wewe ndiyo ile mwalimu?"

Nilitazama chini. Dada alisema haraka, "Ndiyo yeye, baba," na wema wake ule ulinichoma zaidi ya dharau.

Mzee aliweka nyundo. Akachukua ubao mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani, umepakwa mistari myeusi na myeupe, rangi ya zamani iliyopasuka. Aliusimamisha mbele ya mlango uliokuwa umesuguliwa ukang'aa, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Sikuhitaji kuambiwa anatazama nini. Hakuwa anatazama bati. Alikuwa anatazama mistari ndani ya bati, jinsi ilivyokuwa ikiyumba karibu na kitasa.

Pundamilia. Walikuwa naye nyumbani kwao kabla sisi hatujanunua kompyuta hata moja.

"Toka hii iko mtoto," mzee alisema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu, "ndiyo nashika hii ubao. Mimi napiga, yeye nashika. Nasema baba, hapa bado. Nasema baba, hapa umepita." Akacheka. "Kelele mingi. Lakini macho yake iko."

Alituletea tanki la kinu. Mtu mwingine alikuwa amejaribu kulinyoosha kabla yake, akaligonga sana kuizunguka shingo, na sasa pale palikuwa pamevimba na kulegea. Ukibonyeza kwa kidole linaingia, ukiachia linatoka, paa, kama kifuniko cha kopo.

"Huyu mutu alipiga, ikakataa, akapiga tena," mzee alisema. "Bati ikipigwa sana nakuwa kubwa. Nakosa mahali ya kwenda. Sasa itafanya nini? Nasimama juu. Ukiona iko mbaya hapa," akagusa uvimbe, "usipige hapa. Ile shida iko mbali."

Ningekuwa mwanafunzi mwema ningelia kwa furaha. Fundi asiyejua hata kuwasha kompyuta alikuwa amenieleza kosa langu lote kwa maneno machache. Badala yake nilipiga picha zangu arobaini, nikala wali aliotupikia mama yake dada, nikashukuru, na njia nzima ya kurudi Arua nikawa nawaza jambo moja tu: dada alizaliwa na jicho hili. Mimi nilijifunza kwa video zilizokatika katikati kila intaneti ilipokufa, nikamgawia nilichokipata, naye alikuwa amekaa kimya na ubao wa baba yake kichwani. Nilijiona nimeibiwa. Huo ndio ujinga wa wivu. Unamwita mwizi mtu uliyempa mwenyewe.

Siku zilizofuata niligonga. Tanki langu nilikuwa nimelianza na mviringo wa pande kumi na mbili, na shingo ya pande kumi na sita nikaibandika juu yake, na pale zilipokutana hesabu hazikukubaliana. Nukta za shingo zilikalia uso mmoja mpana ambao ulikuwa bado haujapinda. Ulainishaji ulipokuja kuupinda, shingo ikauvuta huku na mistari yangu ya kushikilia ikauvuta kule. Kila nilipoona kivuli kibaya niliongeza mstari hapo hapo. Kivuli kilihama kidole kimoja. Nikaongeza mwingine. Feni ikanguruma.

"Ndugu yangu," dada alisema siku moja akipita nyuma yangu, "punguza."

"Nitapunguza," nilisema, nikaongeza wawili.

Ijumaa ikafika. Kazi zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa picha tu, tukawa tunasubiri maneno ya wenye filamu. Bosi alikwenda benki. Saa sita na nusu dada alijifunga mtandio vizuri, akasema anakwenda msikitini na kisha kwa shangazi yake, akaunyanyua mlango, akaondoka. Kompyuta yake ilibaki imewashwa.

Nilitaka kuona tu. Ninaiandika sentensi hiyo kwa aibu, kwa sababu ilikuwa kweli kwa muda wa kama dakika tano.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nikauzima ulainishaji ili nione mifupa iliyo chini, nikashangaa. Hakukuwa na kitu. Nyuso chache, kubwa, zilizokaa kwa nafasi sawa kama vigae. Mistari ya kushikilia ilikuwa mahali pake tu, na ilipolazimika kuisha, aliikimbiza hadi kwenye sehemu iliyonyooka, mwishoni mwa tanki, ikafia pale ambapo haimdhuru mtu. Beveli zake zote zilikuwa hai, namba moja tu pembeni: ukiibadilisha, kila ukingo wa mashine unatanuka au kujibana pamoja. Ilikuwa kama kusoma ukurasa wa mtu ambao hauna neno la kufuta. Najua hisia hiyo kutoka kwenye vitabu. Huwa inanipa furaha. Siku ile haikunipa.

Nilitaka kuzigusa zile nukta za mwisho, zile zinazozaliwa baada ya kulainishwa, nione kila moja ilikaa wapi. Ningeweza kutazama bila kuharibu kitu. Lakini nilifanya kama nilivyozoea kwenye kazi zangu: nikaigandisha beveli, nikaugandisha ulainishaji. Kwa mibonyezo miwili mifupa ikatoweka, na mahali pa nyuso chache pakaja maelfu kwa maelfu, bati halisi, lisilokunjika tena. Niliangalia, nikahesabu, nikaelewa nusu.

Kisha mkono wangu ukahifadhi.

Huo ni ugonjwa wetu wa Arua. Umeme wetu haupigi hodi unapoondoka, na betri za sola za bosi zilikuwa zimezeeka. Amri ya kwanza ya ofisi ile ilikuwa mkono usikae bila kusevu. Baada ya mwaka, kidole hakimwulizi tena mwenyewe. Unakuna kichwa, unahifadhi. Unapiga chafya, unahifadhi.

Lakini kazi yake haikuwa imeharibika bado, na hili ndilo ninalotaka lieleweke. Kitufe cha kurudi nyuma kilikuwepo. Mibonyezo miwili tu na mifupa ingerudi. Na hata ningefunga, programu yetu ina tabia njema: kila unapohifadhi, inalisogeza faili la awali kando na kulitunza, jina lilelile na tarakimu moja mwishoni. Kazi yake nzima ilikuwa pale kwenye folda, salama, chini kidogo ya ile niliyoiharibu. Toleo moja la akiba. Moja tu. Ukihifadhi mara ya pili, la pili linalifuta la kwanza.

Nilijua hayo. Nilimfundisha mimi.

Muadhini alikwisha maliza zamani. Chini yetu, kwenye duka la vipuri vya baiskeli, mtu alikuwa anazungusha gurudumu kulipima kama limenyooka, nami nilisikia spoki zikikata hewa, zikipungua, zikisimama.

Nikahifadhi tena. Kisha nikafunga faili, nikarudisha kiti chake kilipokuwa, nikakaa mezani kwangu kuongeza mstari kwenye tanki langu.

Jumatatu maneno ya wenye filamu yalifika. Bosi aliyasoma kwa sauti. Kazi zote mbili wamezipenda. Ila kamera yao itakaa mbali na kinu, na kwa umbali huo mstari wa mwanga kwenye kingo unapotea, mashine inaonekana kama karatasi. Tutanue kingo, mara mbili ya sasa, na tutume tena kesho asubuhi. Hapo watachagua.

Mara mbili ya sasa. Kwake ilipaswa kuwa namba moja.

Nilimwona akifungua faili. Nilimwona akibonyeza, akisubiri, akibonyeza tena. Akafungua folda. Akatazama muda mrefu. Akachomeka flashi yake, akaitazama nayo.

"Nini?" bosi aliuliza.

"Hakuna kitu, bosi. Faili yangu iliganda. Kwa flashi iko ya wiki ya kwanza, lakini haina tanki."

"Hii umeme," bosi alisema kwa uchungu. "Hii umeme itatuua."

Dada hakusema ni umeme na hakusema si umeme. Aliagiza chai, akavuta kiti.

Mimi nilikuwa na siku nzima na beveli zilizo hai. Nilitanua. Pembe za injini zilikubali. Kwenye shingo ya tanki, pale nilipokuwa nimejaza mistari kama mtu anayeweka viraka juu ya viraka, tepe zilitanuka zikakutana, zikapandana, nyuso zikapita ndani ya nyuso, na doa jeusi likatokea mfano wa jeraha. Nilipoiambia programu izuie zisigongane, ikakataa kutanua kingo zote. Ilisimama kwenye upana wa ile nafasi nyembamba kuliko zote, niliyoitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimejifungia ndani.

Basi nikamtazama dada. Sikuweza kuacha. Alianza na mviringo wa pande thelathini na mbili na kuugawa kwa urefu mpaka uso wake ukawa vigae vya mraba. Akachagua vigae vinne palipopaswa kuwa shingo, viwili kwa viwili, ambavyo ukingo wake una nukta nane, akazisogeza nane hizo ziwe duara. Shingo ilizaliwa kutoka kwenye tanki lenyewe, haikubandikwa. Kisha akatengeneza tanki la pili, safi, lisilo na tundu, akalificha, akaziamuru nukta zote alizozisogeza kuizunguka shingo zilale juu ya lile safi, ili hata moja isinyanyuke wala kuzama. Akaweka mstari mmoja wa kushikilia nje ya duara, mmoja ndani. Basi. Akawasha pundamilia. Akainamisha kichwa, akafumba jicho moja kama babake, na midomo yake ikasema kitu kidogo ambacho nilikiona bila kukisikia. Hapa bado. Akasogeza nukta moja. Akafumba tena jicho.

Saa tisa alikuwa amemaliza. Faili lake jipya lilikuwa jepesi kuliko lile nililoliua. Nililiua la kwanza, likazaliwa bora zaidi, na nilipata muda wa kutazama jinsi linavyozaliwa. Niliwahi kufikiri wivu ni kutaka alicho nacho mwingine. Mchana ule nilitaka asiwe nacho, hata kama mimi nisingepata kitu, hata kama kinu chenyewe kisingekuwepo duniani.

Jumanne walimchagua yeye. Bosi alinunua soda tatu. Alinipiga begani, akaniambia, "Mwandishi, wewe bado iko na vitabu," na nilijua anamaanisha wema.

Kisha akasema wenye filamu wanamruhusu dada achague msaidizi, na tayari alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu nani mwingine?

"Nitafanya kazi kutoka Koboko, bosi," dada alisema. "Baba iko na chumba. Intaneti ya kule imekuwa mzuri."

"Na msaidizi?"

"Nitatafuta."

Bosi hakuelewa, ila alikuwa mtu wa amani. Alishuka kwenda kumtafutia gari la kubebea kompyuta. Tukabaki wawili. Dada alizungusha nyaya zake moja moja na kuzifunga kwa uzi, akakunja kitambaa juu ya kioo.

"Faili iko na saa yake," alisema, mgongo ukiwa kwangu. "Ijumaa, saa saba na dakika kumi na nane. Mimi nilikuwa kwenye swala."

Alichukua waya uliobaki.

"Nikasema labda ni mkono wako tu. Mkono yetu sisi wote iko na wazimu ya kusevu. Nikaangalia ile ya akiba." Alifunga fundo. "Hiyo pia, saa saba na dakika kumi. Na ndani iko vilevile, imeganda."

"Dada..."

"Ile ya kwanza nakusamehe hata bila kuuliza, ndugu yangu. Ya pili nauliza. Dakika nane. Ulikuwa nafanya nini kwa dakika nane?"

Mimi ambaye nina daftari sita za maneno nilitafuta hata moja. Nilikuwa nasikiliza gurudumu, ningesema. Nilikuwa naamua. Alinisubiri kwa haki kabisa, kama unavyomsubiri mtu anayetafuta funguo mfukoni, na alipoona sitazitoa, akainamia meza yangu. Tanki langu lilikuwa bado wazi kwenye kioo, na jeraha lake. Akagusa kioo kwa ukucha wenye hina iliyokuwa imeanza kufifia, mbali na doa, upande wa nyuma kabisa wa tanki, mahali ambapo sikuwa nimefikiria kutazama.

"Anzia hapa," alisema. "Toa hizi zote. Pande kumi na mbili ni kidogo."

Bosi aliita kutoka chini kwamba gari limefika. Dada alikumbatia kompyuta yake kifuani kama mtoto aliyelala, akatoka, na ingawa mikono yake ilikuwa imejaa, alirudi hatua moja, akakishika kitasa kwa vidole viwili, akaunyanyua mlango kidogo na kuufunga.